Maswali yenu ya bili na bondi za serikali ya Kenya: pesa utaitaka lini?

Ukinunua bili au bondi umeikopesha serikali, bili kwa miezi mitatu hadi mwaka mmoja, bondi kwa miaka. Wiki hii karibu kila aliyeandika anauliza asilimia ngapi, asilimia ngapi, na ni wawili tu waliogusa siku ya kuitoa pesa. Nimeanza na mmoja wao.

"Nina 500,000 imekaa tu kwa akaunti. Ofisa wa benki ameniambia niweke kwa bondi ya miaka 15, inalipa 13%. Nikipata emajensi naweza kuitoa?"

Hapana, hiyo si akaunti ya kutoa. Serikali itakurudishia hiyo 500,000 mwaka wa 15, kabla ya hapo unachoweza ni kuuzia mtu mwingine, na bei inaamuliwa na soko siku hiyo, si na ofisa wako.

Twende na hesabu yako. Kuponi, yaani riba ya bondi, ya 13% kwa 500,000 ni 65,000 kwa mwaka, na inalipwa mara mbili, 32,500 kila baada ya miezi sita, halafu kodi ya zuio inakatwa, 10% kwa sababu bondi ni ya miaka 10 na kuendelea (zilizo chini ya hapo ni 15%). Kwa hivyo mkononi unapata 29,250 kila miezi sita. Hapo sawa, hakuna shida.

Sasa miaka miwili ikapita, emajensi ikaja, na wakati huo serikali inakopa kwa 16%. Ni nani atakupa shilingi 100 kwa karatasi ya 13% na anaweza kupata ya 16% kwa mnada? Atakuambia ushushe bei mpaka na yeye apate 16 yake, na ikiwa imebaki miaka 13 bei hiyo inakuja karibu 83.80 kwa kila 100. Yaani bondi yako ya 500,000 inauzwa kama 419,000. Umepoteza 81,000 kwa bei, umekula kuponi nne za jumla 117,000 baada ya kodi, ukitoa unabaki na faida ya kama 36,000 kwa miaka miwili, na hapo broka hajachukua komisheni yake. Hiyo ni chini ya 4% kwa mwaka kwa kitu ulichoambiwa ni cha 13.

Na usidhani natunga. Waliochukua bondi za 13% mwaka 2021 na 2022 waliona hivyo kabisa, kwa sababu Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu ya 18.4607% isiyokatwa kodi, sasa nani angetaka ya 13 kwa bei kamili?

Kitu kingine, watu wamesikia Benki Kuu inanunua bondi tena, wanapumua. Ni kweli inanunua, lakini kama kimbilio la mwisho, ukiwa na barua ya soko la hisa la Nairobi kukubali hivyo, na inapiga hesabu ya bei kwa riba iliyo pointi 3 juu ya riba ya soko au juu ya kuponi, ile iliyo juu. Kwa mfano wetu soko ni 16, wao wanapiga hesabu kwa 19, na bei inaanguka mpaka kama 71.40. Hiyo 500,000 inakuwa 357,000. Mtu aliyekuambia "Benki Kuu itachukua" hakukuonyesha hiyo namba, na alitakiwa kukuonyesha kabla hujasaini.

Njia ya tatu ni kuweka bondi rehani ukope kwa benki. Inawezekana, na kwa emajensi ya miezi miwili mitatu ni afadhali kuliko kuuza kwa hasara, lakini uliza riba ya mkopo kwanza maana mara nyingi iko juu ya kuponi unayopata.

Kwa haki yake, inaweza kuenda upande mwingine. Riba zikishuka mpaka 11%, bondi hiyohiyo na miaka 13 imebaki itauzwa karibu 113.70, unaondoka na 568,000. Lakini emajensi haingoji riba zishuke dada yangu. Mimi ningekuwa wewe ningeacha kama 150,000 mahali pa kufikia siku hiyohiyo, iliyobaki niweke kwa bili, na bondi ningeingia tu na pesa ambayo najua sitaigusa hata nyumba ikivuja.

"Kati ya bili ya siku 91 na ya siku 364 gani inalipa zaidi?"

Kawaida 364, lakini matokeo ya mnada yanatoka kila wiki kwa tovuti ya Benki Kuu, yasome. Hili swali nimelijibu tangu mwaka jana, tafadhalini jamani.

"Sasa kama bondi ina hiyo hatari yote si nikae tu kwa bili nirudie rudie?"

Bili nayo ina yake. Katikati ya 2024 bili ya siku 91 ilikuwa inalipa karibu 16%, kufika mwisho wa 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 8. Aliyekuwa anarudia kila miezi mitatu alikuwa anaona kipato kikipungua kila akirudi, hadi kikabaki nusu, wakati aliyejifungia bondi mapema 2024 bado anakula ileile. Kwa bili pesa yako iko salama na iko karibu, lakini hujui mwaka ujao utalipwa ngapi. Kwa bondi kuponi unaijua, usichojua ni bei siku ukitaka kutoka. Kwa hivyo kabla ya kuuliza asilimia, jiulize pesa hii ni ya nini na ya lini.

"Nalipa fees ya watoto wawili, Januari, Mei na Agosti. Bonasi yangu inaingia Septemba. Inawezekana kutumia bili ama nitakwama?"

Hili ndilo swali zuri la wiki, mama watoto amefikiria. Inawezekana, na ukipanga siku vizuri hutakwama.

Mnada wa bili ni Alhamisi, unalipa Jumatatu inayofuata, na siku zinaanza kuhesabiwa hapo. 91 ni wiki 13 kamili, 182 ni wiki 26, 364 ni wiki 52, ndiyo maana bili inaiva Jumatatu. Ukilipa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, ya siku 91 inaiva mwanzo wa Januari na ya siku 182 inaiva mwanzo wa Aprili, kabla ya fees ya Mei. Ile ya Agosti nunua kwa hatua mbili: weka ya siku 91 ya pili Oktoba hiyohiyo, ikiiva Januari iingize kwa siku 182, itaiva mapema Julai. Usinunue ya 364 kwa fees ya Agosti, itakuja Oktoba mtoto ashatumwa nyumbani.

Kiasi nacho. Bili unanunua kwa bei ya chini halafu unalipwa kamili. Tuseme unataka 100,000 ikifika Aprili na kiwango ni 8%, hesabu ni hii:

```
100,000 / (1 + 0.08 × 182/365) = 96,164
```

Tofauti ni 3,836, kodi ya 15% inakula 575, faida yako safi ni kama 3,260. Si pesa nyingi, lakini kwa akaunti ya kawaida ingepata karibu sufuri, na ukiwa umeifungia huko hutaikopesha shemeji Desemba. Kiwango cha chini kabisa cha kununua bili ni 50,000, kwa hivyo usigawanye vipande vidogo kuliko hapo.

"Nipitie benki ama nijifungulie mwenyewe DhowCSD?"

Jifungulie mwenyewe akaunti ya DhowCSD, ule mfumo wa Benki Kuu wa kununulia bili na bondi. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya hapa Kenya, na inafanyika kwa simu. Benki bado utaitumia kulipa na kupokea, lakini karatasi iko kwa jina lako, unaiona, na maagizo unayatoa wewe.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilinunua bili ya siku 182 kupitia benki moja hapa mjini, nikamwambia ofisa kwa mdomo kwamba ikiiva pesa irudi kwa akaunti, mama yangu alikuwa na tarehe ya upasuaji. Jumatatu ya kuiva nikakaa na simu mkononi kutoka asubuhi, saa nne, saa sita, hakuna meseji. Mchana nikaenda tawini, nikaonyeshwa fomu ambayo mtu alikuwa ameweka alama kwa kisanduku cha kuendeleza, na pesa yote ilikuwa imeingia miezi sita mingine. Sahihi ilikuwa yangu, alama haikuwa yangu, na hapo sikuwa na la kubishana. Niliishia kukopa sacco.

Kama lazima upitie benki, basi fanya haya: jaza kila kisanduku mwenyewe kabla ya kusaini, piga fomu picha, uliza ada ya kutunza ni ngapi na inakatwa lini, na udai uthibitisho unaoonyesha namba ya karatasi, tarehe ya kuiva na jina la mwenyewe. Ukipewa tu risiti ya "uwekezaji" isiyo na namba ya karatasi, rudi siku hiyohiyo uulize, usingoje.

"Kuna broka anauza bondi ya 18% bila kodi. Niichukue haraka kabla haijaisha?"

Umeuliza bei? Wote mnaniandikia 18, hakuna hata mmoja ananiandikia bei. Bondi kama hiyo mtu hakuuzii kwa 100. Ukilipa 120 kwa kila 100 na imebaki miaka sita, unapata kuponi ya 18 sawa, lakini mwisho serikali inakurudishia 100 tu, ile 20 imeenda. Ukizipiga zote pamoja umepata kama 13% kwa mwaka. Inaweza kuwa bado nzuri ukizingatia haikatwi kodi, ila ni 13, si 18. Mwambie broka akuandikie vitu viwili kwa meseji, bei kwa kila 100 na mapato mpaka kuiva, na pia aseme kama mtaji unarudishwa kwa mafungu kabla ya mwisho maana bondi nyingine za miundombinu ziko hivyo. Akikataa kuandika, achana naye.

"Kwa mnada niweke ombi la ushindani ama lisilo la ushindani?"

Lisilo la ushindani. Hutaji riba, unapewa wastani wa waliokubaliwa. Lile la ushindani kwa bili linaanzia milioni 2 na ni la wanaojua kutaja bei.

"Niliweka ombi Alhamisi likakubaliwa, Jumatatu pesa haikuwa kwa akaunti. Itakuwaje?"

Unaweza kusimamishwa kununua. Siku nyingine usiweke ombi kwa pesa unayoahidiwa, weka kwa ile ambayo tayari unaiona kwa akaunti Jumatano.