Kabla hujahesabu hela ya YouTube, hesabu dakika

Mtu akiniuliza kama video zake za mapishi au kilimo zitakuja kumlipa, namwomba afungue YouTube Studio aniambie pale kwenye `Watch time` pameandikwa nini. Laiki na "hongera dada" siziulizi, maana hazimo kwenye hesabu.

Ili ulipwe sehemu ya pesa ya matangazo, chaneli inatakiwa iwe na watu 1,000 waliosabskraibu, na watu wawe wametazama video zako jumla ya saa 4,000 ndani ya miezi 12. Anayetengeneza Shorts, yaani video fupi, ana njia yake badala ya zile saa: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Dakika za Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts haziingii kwenye zile saa 4,000. Kwa hiyo mchekeshaji wa vipande vya sekunde 40 asidhani anajaza debe moja na mama anayepika kwa dakika sita.

Tuchukue mfano wa shangazi yangu wa Kongwa. Anapika mlenda wa unga, ule uliokaushwa ukatwangwa, na anaongea Kigogo. Video ni ya dakika sita. Mwanzoni alianza na "mbukwenyi", akasalimia ukoo mzima hadi waliohamia Morogoro, na mstari wa `Audience retention`, unaoonyesha watazamaji wangapi bado wapo, ukaporomoka kabla maji hayajachemka. Tulikata salamu, ikabaki "mbukwenyi" moja tu. Mahali mstari unapopanda ni pale anaponyunyiza unga, anatia magadi kidogo, halafu anazungusha upekecho katikati ya viganja mpaka mlenda unaanza kuvutika. Mstari ukipanda hivyo ujue watu wanarudisha nyuma kuangalia tena. Sasa kipande hicho tunakiweka mwanzoni, sekunde chache, kisha tunaanza upya na sufuria tupu.

Turudi kwenye hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu anakaa wastani wa dakika mbili na nusu, unahitaji kutazamwa mara 96,000 kwa mwaka, yaani kama mara 8,000 kila mwezi. Inawezekana, hasa kwa video za kilimo, kwa sababu mtu anayeandika "jinsi ya kupanda alizeti" mvua zikikaribia ataandika hivyohivyo mwakani. Angalia kwenye `Traffic source` wangapi wametoka `YouTube search`. Kama video ya mwaka jana bado inaleta watu kwa njia hiyo, una kitu mkononi. Kama watu wote walikuja wiki ya kwanza halafu kimya, hao walikuwa ndugu na marafiki.

Lakini kuvuka kizingiti siyo kupata hela. Tuseme `RPM` yako, yaani kinachobaki kwako kwa kila kutazamwa mara 1,000, ni nusu dola. Kutazamwa mara 8,000 kunakupa dola nne kwa mwezi. Google haikutumii malipo mpaka zifike dola 100, kwa hiyo utasubiri zaidi ya miaka miwili. `RPM` hutegemea sana watazamaji wako wako nchi gani, na matangazo wanayoonyeshwa watu wa kwetu kwa kawaida hulipa kidogo kuliko yale ya Ulaya au Marekani. Kigogo kinapunguza zaidi idadi ya watazamaji. Sisi hatukukiacha, tuliweka maandishi ya Kiswahili chini ya video, maana utamu wote uko kwenye mdomo wa shangazi.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wengi. Video ikipakuliwa na kusambazwa WhatsApp, kijiji kizima kinaweza kuiona na YouTube isihesabu hata dakika moja. Ni kwa sababu ya bando, na siwalaumu. Ndiyo maana namba ya simu ya biashara tunaiandika ndani ya picha yenyewe, siyo kwenye maelezo ya chini, ili isafiri na video popote iendapo.

Maana hesabu ya mlenda ni hii: tuseme faida ya pakiti moja ya unga ni shilingi 2,000. Pakiti tano zinafika shilingi 10,000, karibu sawa na zile dola nne za mwezi mzima. Mtu wa Dar aliyemkumbuka bibi yake anachukua pakiti tatu kwa mara moja, na mzigo unapanda basi. Kwa hiyo kwa mapishi na kilimo mimi hupima chaneli kwa simu zinazopigwa, matangazo nayaita nyongeza. Mwenye miche ya zabibu naye ahesabu hivyohivyo. Vichekesho havina pakiti ya kuuza, kwa hiyo mchekeshaji atafute mapema duka au MC wa sherehe atakayemlipa kutajwa.

Ukifika kwenye malipo, jina la akaunti ya AdSense, ile ambayo Google hukulipa kupitia kwake, liwe lilelile lililo benki. Salio likifika dola 10, Google hutuma barua yenye PIN kwa posta kuhakiki anwani. Kama huna sanduku, omba kutumia la shule au la kanisa mapema, na uandike anwani kamili pamoja na jina lako, barua isije ikakaa kwenye meza ya katibu bila mtu kujua ni ya nani.