Mzigo wa kutandazwa: usichore kwa kN 40 moja

"Wakuu, kwenye picha ni bimu ya mita 8, A kushoto, B kulia. Ina mzigo wa kutandazwa wa kN 10 kwa mita, kuanzia A mpaka katikati tu. Nimeugeuza kuwa kN 40 moja, mita 2 kutoka A, nataka nichore hivyo. Niko sawa?"

Futa hiyo kN 40 kabla hujachora chochote! Kazi yake ni moja tu, kutafuta riaksheni. Chukua momenti kwenye A: 40 mara 2, gawa kwa 8, B inapata kN 10 na A inabaki na 30. Ukishazipata, rudisha mzigo ulivyotandazwa kwenye picha, ndipo uanze kukata bimu.

Mimi niling'ang'ania mzigo mmoja mpaka mwisho. Jamaa aliyetufundisha tuisheni Sinza alitukaririsha, "Ukiona mzigo umetandazwa, ukusanye katikati yake, umemaliza." Umemaliza nini, hakusema. Kwenye mtihani nikachora shia ya ngazi na momenti ya pembetatu yenye ncha kali. Nikakamata sapu. Wenzangu wamekwenda kwao likizo, mimi niko Mabibo nalipa kodi ya geto nikisubiri kurudia. Hela yetu alikula, na hasira naye ninayo mpaka leo.

Angalia kosa lilipo. Ukikata bimu mita 2 kutoka A, kushoto kwako umeuacha mzigo wa kN 20, si 40, maana nusu nyingine iko mbele. Kwa hiyo shia haianguki ghafla, inashuka kidogo kidogo: V = 30 − 10x. Inaanza 30 pale A, inagusa sifuri mita ya 3, inafika −10 mita ya 4 mzigo unapoishia, kisha inalala bapa mpaka B, ambako riaksheni inairudisha sifuri.

Momenti kubwa iko pale shia inapokata sifuri. Si katikati ya bimu, wala si katikati ya mzigo. Hapo mita ya 3: 30 × 3 − 10 × 3 × 1.5 = kNm 45. Njia yako itakupa 30 × 2 = kNm 60 mita ya 2, wakati momenti ya kweli pale ni 40 tu. Na umbo ni mkunjo laini mpaka mita ya 4, halafu mstari ulionyooka kushuka mpaka B, bila kona yoyote pale vinapoungana.

Hakiki hivi: eneo la pembetatu ya shia kutoka A hadi mita ya 3 ni nusu ya 30 × 3, yaani 45. Lisipolingana na momenti yako, kN 40 bado umeiacha mahali. Mimi ningefanya hesabu hiyo ya mstari mmoja kwenye chumba cha mtihani, ningeona 60 yangu haina pa kutokea.