Fidia ya matunzo si mirathi: jibu kwa mjane wa Ujiji

*Shikamoo wakili. Mume wangu alikuwa akichukua dagaa mwalo wa Kibirizi na kupeleka Kasulu. Mwezi wa tatu alikuwa abiria kwenye bodaboda, lori likawagonga, akafariki hospitali siku ya pili. Alikuwa na miaka 34. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 3, na marehemu ana mtoto mwingine wa miaka 11 kwa mama mwingine Kasulu. Shemeji yangu ndiye msimamizi wa mirathi. Bima ya lori wanataka kumpa milioni 8, na ukoo wanasema kwa sheria ya dini fungu langu ni thumni. Tena wanasema tusitake zaidi kwa sababu marehemu hakuvaa helmeti. Mimi bado nipo eda. Nifanye nini?*

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba.

Nianze na hilo la thumni, kwa maana ndipo mambo yalipochanganyika. Wakwe zako hawakukosea hesabu ya mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata moja ya nane ya kile alichoacha mumewe: nyumba, mtaji, deni alilokuwa anadai, pesa kwenye simu. Lakini pesa ya matunzo mliyopoteza marehemu hakuiacha. Hakuwahi kuwa nayo. Ni pesa ambayo angeitafuta mwaka huu, mwakani na miaka inayofuata, na ninyi mngekula, mngevaa na kusomeshwa kwayo. Sheria yetu ya fidia kwa vifo vya ajali, Sura ya 310, inalitambua dai hilo kuwa ni la wategemezi wenyewe: mke, watoto na wazazi. Kila mmoja hulipwa kwa kadiri ya alichopoteza yeye. Ukilitia kwenye kapu la mirathi, thumni ya milioni 8 ni milioni moja, na hapo umetia saini kwamba yameisha.

Liko dai jingine dogo ambalo ni la mirathi kweli: gharama za hospitali za zile siku mbili, maumivu aliyoyapata kabla ya kufariki, gharama za mazishi, mzigo wa dagaa kama uliharibika. Hizo zigawanywe kama wanavyosema. Kwenye hati ya madai wakili wako aziandike mbali na matunzo, kila moja na kiasi chake na risiti yake, maana mahakama haikadirii gharama ambayo haikutajwa na kuthibitishwa.

Shemeji yako, kwa kuwa ana Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayomteua kuwa msimamizi, anaweza kuwa ndiye mdai kwenye kesi. Sheria inataka kwa kawaida msimamizi wa mirathi ndiye afungue kwa niaba ya wategemezi. Lakini anafungua kwa niaba yenu, na pesa si yake wala ya ukoo. Asipofungua, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kufungua kwa majina yao. Kuwa kaka wa marehemu peke yake hakumpi fungu.

Na hapa nakuomba jambo ambalo najua ni zito kwako. Mtoto wa Kasulu mwandike. Kwa kifo kimoja hufunguliwa kesi moja tu ya matunzo, na hati ya madai lazima iwataje wategemezi wote. Ukimwacha nje, mama yake atakuja mahakamani katikati ya kesi, mawakili wa upande wa pili watakuita mwongo, na hata yale ya kweli uliyosema yatatiliwa shaka. Mama mkwe naye, kama marehemu alikuwa akimpelekea chochote kila mwezi, ana haki ya kuandikwa.

Sasa kiasi. Umenitumia picha za daftari la marehemu, lile la kaunta buku lenye jalada jekundu, nikakaa nalo jioni nzima. Daftari hilo ni mali kuliko unavyodhani. Safari moja ya Februari ameandika hivi: gunia 10 kwa 1,300,000, usafiri 80,000, ushuru na wabebaji 20,000, mauzo 1,550,000. Faida ya safari ni 150,000.

Wewe umeniandikia kwamba alikuwa akileta laki sita kwa mwezi, yaani safari nne. Mimi nimehesabu kurasa, na miezi mingi nimekuta safari tatu. Ukiangalia tarehe, wiki inayokosekana ni ile ya mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa na mwalo unakuwa mkavu. Kila mtu wa Kibirizi analijua hilo, na wakili wa bima ataambiwa. Kwa hiyo dai 450,000, siyo 600,000. Kiasi kidogo ambacho daftari linakithibitisha kinashinda kikubwa kitakachobomolewa kwa swali moja.

Wataleta pia taarifa ya muamala ya simu yake, inayoonyesha mamilioni yakiingia kila mwezi. Usifurahi nayo bila maelezo, maana hayo ni mauzo, na mengi yake yalirudi kununulia mzigo. Na wakikuuliza mlikula nini ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uwe na jibu. Kama alikuwa akileta maharage kutoka Kasulu miezi hiyo, tafuta mtu aliyemuuzia aje kusema.

Katika 450,000 marehemu naye alikuwa akila, akivaa, akiweka vocha. Desturi ya mahakama kwa mtu mwenye mke na watoto ni kutoa kama theluthi moja kuwa matumizi yake mwenyewe. Si kiwango kilichoandikwa kwenye sheria, hakimu anaweza kukibadili kwa ushahidi. Zinabaki 300,000 kwa mwezi, sawa na 3,600,000 kwa mwaka. Hapo ndipo inakuja idadi ya miaka. Mtu wa miaka 34 angeweza kufanya kazi hadi 60, yaani miaka 26, lakini mahakama haizidishi kwa 26. Angeweza kuugua, biashara ingeweza kufa, na ninyi mnalipwa kwa mkupuo leo pesa ambayo ingekuja kidogokidogo. Kwa hiyo miaka hupunguzwa. Tuchukue 12 kwa mfano: 3,600,000 mara 12 ni 43,200,000. Hakimu mwingine atasema 10, mwingine 14. Lakini hata ukichukua 10 unapata 36,000,000. Hapo unaona milioni 8 imesimama wapi.

Kuhusu helmeti, nimesoma mara mbili nakala ya ripoti ya daktari uliyonitumia. Imeandikwa mbavu zimevunjika na damu imevujia ndani ya kifua. Kichwa hakina jeraha la maana. Helmeti haikingi kifua. Fidia hupunguzwa pale tu kosa la marehemu lilipochangia madhara yaliyomuua, na wao ndio wa kuthibitisha. Kama angekufa kwa jeraha la kichwa, ningekuambia ujiandae kupunguziwa, tuseme asilimia 20, na 43,200,000 ingeshuka hadi 34,560,000. Kwa ripoti hii, usikubali hoja hiyo hata mezani. Wakisema mwendesha bodaboda naye alikuwa na makosa, hilo ni lao na yeye, kwa kuwa mumeo alikuwa abiria na hakuwa ameshika usukani. Mshitakini na bodaboda pia, mahakama igawe lawama kati yao.

Wa kushitakiwa kwanza ni dereva wa lori na mwenye lori, kwa sababu mwajiri hujibu kosa la dereva wake akiwa kazini. Polisi waombeni fomu ya PF 90, yaani ripoti yao ya ajali, ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Dereva akipatikana na hatia kwenye kesi ya usalama barabarani, chukueni nakala ya hukumu, maana kwenye kesi yenu itasimama kama uthibitisho wa kosa lake. Lakini msikae kuisubiri. Muda wa kufungua madai una ukomo, nao unaendelea kuhesabiwa hata kesi ya jinai ikiahirishwa mara kumi. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa ya maandishi kwamba kesi inafunguliwa, kabla haijafunguliwa, mbaki na nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inawabana kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mwenye gari, na upenyo wa kwanza wanaoutafuta ni kusema hawakuarifiwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni saini ya shemeji yako. Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mama mmoja kutoka Uvinza akiwa na karatasi moja imekunjwa mara nne. Shemeji yake alikuwa amesaini kwa bima moja, na chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho kwa madai yote ya marehemu na familia. Tulipambana, kwa hoja kwamba watoto hawakuwakilishwa, lakini ilituchukua muda mrefu na walipata pungufu sana ya walichostahili. Sitaki tufike huko na wewe.

Eda haikuzuii kuandika barua. Andika wiki hii, utie saini wewe na mama wa mtoto wa Kasulu kama atakubali, kaka yako aipeleke. Taja jina la marehemu, tarehe ya ajali, namba ya gari na namba ya jalada la polisi. Sema kwamba ninyi ni wategemezi, hamjakubali milioni 8, na malipo yoyote ya matunzo yasifanyike kwa msimamizi wa mirathi bila ridhaa yenu au amri ya mahakama. Nakala moja iende TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nyingine kwa shemeji mwenyewe. Mpelekee kwa heshima, huenda naye hajui tofauti ya pesa hizi mbili. Akishikilia kusaini, Mahakama ya Mwanzo iliyomteua inaweza kuombwa imwondoe.

Mwenye lori akileta tena chochote, kama zile gunia mbili za mchele alizoleta arobaini, pokeeni, lakini iandikwe kwamba ni rambirambi. Msisaini karatasi yenye maneno "sina madai mengine".

Mahakama ikishatoa hukumu itagawa mafungu yenyewe, na hayatakuwa sawa. Mtoto wako mdogo wa miaka 3 ana miaka 15 kufika 18, yule wa Kasulu ana 7, kwa hiyo mdogo huwekewa zaidi. Mafungu ya watoto omba yawekwe benki kwa amri ya mahakama, yakitolewa kwa ada na mahitaji yao.

Lile daftari jekundu lenyewe usimpe mtu yeyote, hata wakisema wanalitaka kwa kikao cha ukoo. Wape nakala. La asili liniletee ofisini eda ikiisha, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa.