Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: maswali yenu kuhusu Dar es Salaam

Kuna sheria yoyote ya mkoloni iliyomkataza Mwafrika kuishi Uzunguni?

Usitafute sheria iliyotaja rangi ya mtu. Tafuta iliyotaja ukuta na paa. Amri ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 iliugawa mji kanda tatu kwa aina ya jengo: nyumba za Kizungu upande wa bahari, vibanda vya udongo na makuti vikasukumwa nyuma. Waingereza walizidi kujificha, kwa kuwa Tanganyika walikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, na masharti yake hayakuwaruhusu kuwabagua waziwazi raia wa nchi wanachama, India ikiwamo. Basi nao miaka ya 1920 wakapanga kanda kwa aina ya jengo. Tarishi angepata wapi fedha za kujenga nyumba ya mawe yenye bustani? Kumkataza kwa maneno hakukuwa na haja.

Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili watu wapumzike?

Hapana. Ulikuwa mkanda wa kutenga Uhindini na Kariakoo. Vibanda vilivyokuwapo vilivunjwa na wenyewe wakahamishiwa Ilala. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu aliyemuuma Mwafrika mwenye malaria asifike upande wa pili. Lakini mpishi na boi walilala vyumba vya uani, nyuma ya nyumba ya bwana. Mbu wa hao sijui alihesabiwa wapi.

Rangi haiulizwi tena. Sasa kimebaki nini?

Neno "ujazo", yaani wingi wa watu na nyumba katika eneo. Mpango mkuu wa 1949 uliugawa mji kwa ujazo wa chini, wa kati na wa juu, na kila mtu alielewa: Oysterbay Mzungu, Upanga Mhindi, Magomeni Mwafrika. Uhuru ulipokuja rangi ikaondoka, ujazo ukabaki, na hadi leo viwanja hupimwa kwa lugha hiyo.

Nenda Kariakoo uone. Kiwanja kilipimwa kitoshe nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani wa kupikia. Leo juu ya kiwanja kile kile limesimama ghorofa lililomeza hadi uani, na wapangaji wake wote wanateremkia mtaa uliochorwa kwa ajili ya nyumba za chini. Oysterbay nao wanajenga maghorofa, ila pale kiwanja kina nafasi ya miti na magari. Anayekaa humo sasa ni Mtanzania mwenye fedha.

Na Manzese? Hiyo nayo tumlaumu mkoloni?

Si moja kwa moja. Manzese ilikua bila kupimwa, hasa baada ya uhuru, watu wakinunua vipande kwa wenye mashamba kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikutosha. Haimo katika kanda zile za zamani. Hata hivyo tunaiita uswahilini, na tunaposema hivyo hatumaanishi tena Waswahili.