Akbar, kubra na akbaru min: jinsi ya kusema kubwa kuliko kwa Kiarabu bila kukwama

Nafundisha Kiarabu jioni kwa watu wazima, wengi wao wanajiandaa kwenda Oman kikazi, wengine wanataka tu waelewe wanachosoma kwenye msahafu. Na kila kundi likifika kwenye kulinganisha vitu linakwama palepale, kwa sababu moja: Kiswahili chetu hakigusi sifa. Kubwa inabaki kubwa, unaongeza kuliko au zaidi, basi. Kwaiyo mtu akitaka kusema hiki ni kikubwa zaidi ya kile anachukua kabir, anabandika akthar, anasema "kabir akthar min". Mwarabu atakuelewa, ila sivyo wanavyosema wao. Kwao sifa yenyewe ndo inavunjwa na kuundwa upya.

Umbo lake linaitwa afal (kwa kuiandika vizuri ni af'al, hiyo alama ya juu ni herufi ain). Unatoa herufi tatu za mzizi, mbele unaweka a, herufi ya kwanza haina irabu, ya pili ina a. Kabir mzizi wake ni k-b-r, unapata akbar. Saghir inakuwa asghar, tawil inakuwa atwal, rakhis (rahisi kwa bei) inakuwa arkhas. Umbo hili unalo mdomoni tangu utotoni bila kujua, afadhali yetu imetoka kwenye afdal, aghalabu imetoka kwenye aghlab.

Sehemu mbili umbo linabadilika kidogo. Mzizi ukiishia na herufi dhaifu, yaani w au y, mwisho unakuwa a ndefu: ghali inakuwa aghla, ali (iliyo juu) inakuwa a'la. Na herufi mbili za mwisho zikifanana zinaungana: khafif, ile hafifu yetu, haiwi akhfaf bali akhaff, na qalil inakuwa aqall. Mtu akikutamkia "aqlal" ujue anakariri fomula tu, hajasikiliza watu wakiongea.

Sasa matumizi, na hapa nakuomba twende na mfano mmoja mpaka mwisho maana ukiushika huu mengine yanakaa yenyewe. Chukua maziwa yetu, ziwa kwa Kiarabu ni buhayra, na ni neno la kike. Ziwa Viktoria ni kubwa kuliko Tanganyika: "Buhayratu Fiktoriya akbaru min buhayrati Tanjanika". Umeona, buhayra ni ya kike lakini akbar haijaguswa, hizo u na i za mwishoni ni alama za Kiarabu fasaha tu. Ikifuatwa na min imeganda, iwe mwanamke, wanaume kumi, maziwa mawili, inabaki akbar ileile. Wanafunzi wanaojua kwamba sifa ya Kiarabu lazima ifuate jinsia wanaogopa kuiacha hivyo, wanasema "kubra min", na hiyo haipo.

Ukitaka kusema ndo kubwa kuliko yote, ondoa min, ibandike akbar moja kwa moja kwenye nomino ya umoja isiyo na al: "Buhayratu Fiktoriya akbaru buhayratin fi Ifriqiya", ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Kwa kina lakini Tanganyika ndo inashinda, kwaiyo kutoka amiq unasema "Buhayratu Tanjanika a'maqu buhayratin fi Ifriqiya". Unaweza pia kutumia wingi wenye al, "akbaru l-buhayrati", kubwa kati ya maziwa yote, ila kwa anayeanza mi nashauri ushike ile ya umoja kwanza, ndo utakayoisikia sana kwenye habari na ni ngumu kuikosea. Angalia tu kwamba mpangilio umegeuka, Kiarabu kwa kawaida kinaweka sifa nyuma ya nomino, hapa akbar inatangulia.

Kubra yenyewe inakuja lini? Pale sifa inapokuwa na al na inakaa nyuma ya nomino kama sifa ya kawaida, hapo ndo inafuata jinsia. Kaka mkubwa ni "al-akhu l-akbar", dada mkubwa ni "al-ukhtu l-kubra". Umbo la kike ni fu'la: kubra, sughra, husna. Ndo maana tunasema Asmaul Husna na sio Ahsan, majina ni wingi wa vitu visivyo watu na Kiarabu kinauhesabu wingi huo kama mwanamke mmoja. Linganisha hizi mbili taratibu: "ukhti akbaru minni", dada yangu ni mkubwa kuliko mimi, na "ukhti l-kubra", dada yangu mkubwa. Dada ni yuleyule, kilichobadilika ni kuwepo kwa min. Ukitaka kusema amekuzidi kwa miaka miwili unaongeza bi: "akbaru minni bi-sanatayn".

Halafu kuna sifa ambazo afal haziingii kabisa, na hapa ndo hata waliosoma muda mrefu wanateleza. Rangi na ulemavu tayari zina umbo hilohilo, ahmar ni nyekundu tu, sio nyekundu zaidi, na a'ma ni kipofu japo inafanana sana na a'la. Kuzitofautisha angalia kike chake: akbar kike chake kubra, lakini ahmar kike chake hamra. Ukiona hamra, sauda, amya, jua hiyo sio ya kulinganisha. Pia maneno marefu kama mujtahid, mwenye bidii, huwezi kuyabana kwenye herufi tatu. Dawa ni kuchukua akthar au ashadd, kisha unaleta jina la ile sifa likiwa na an mwishoni: "ashaddu humratan", nyekundu zaidi, "aktharu ijtihadan minni", ana bidii kuliko mimi.

Kama unasoma Suratul Kahf kila Ijumaa unao mfano mzuri kuliko wangu, yule mwenye bustani mbili anamwambia mwenzake kwenye aya ya 34: "ana aktharu minka malan wa a'azzu nafaran", mi nna mali nyingi kuliko wewe na nna nguvu ya watu zaidi. Akthar, min, kisha malan na an yake. Na a'azz ni aziz iliyoungana zile z mbili, kama akhaff.

Khayr na sharr haziombi a mbele. Adhana ya alfajiri inasema "as-salatu khayrun mina n-nawm", swala ni bora kuliko usingizi, haisemi akhyar. Ukikuta khayr na min nyuma yake, tafsiri bora kuliko, usitafsiri kheri.

Kwa wanaoenda Maskati, mtaani hizi u na in za mwishoni zinadondoka zote, sokoni utasema "abgha akbar min hadha", nataka kubwa kuliko hii, na muuzaji atakuletea. Na mtaani utasikia "mashghul akthar minni", yuko bize kuliko mimi, akthar ikiwa nyuma ya sifa, hiyo ni sawa kwenye maongezi kwa sababu mashghul ni neno refu. Usiihamishie kwenye kabir, rakhis na wenzao. Hao waite akbar na arkhas hata ukiwa sokoni.