Kabla ya kulipia kifurushi cha daktari wa simu, uliza simu ya pili inahesabiwaje

Nina mke, watoto wawili wadogo, na mama yangu anayeishi Muheza akiwa na presha na kisukari. Sisi tupo Dar es Salaam. Tumekuwa tukitumia huduma za daktari kwa simu kwa muda sasa, tukahama kutoka huduma moja kwenda nyingine, na ndugu na majirani huniuliza wachukue kifurushi gani. Jibu langu ni kwamba ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo, "mara 24 kwa mwaka", haikuambii kitu mpaka ujue wanahesabu nini.

Anza na homa ya mtoto, maana ndiyo inayopiga simu nyingi kuliko ugonjwa mwingine katika nyumba zetu. Daktari makini hawezi kusema kwa simu kuwa ni malaria au si malaria. Lazima mtoto apimwe, iwe kwa kipimo cha haraka cha tone la damu au kwa darubini. Kwa hiyo simu ya kwanza inaisha kwa "mpelekeni akapime, mnitumie majibu". Majibu yakitoka unapiga tena, naye anaandika dawa au anasema hapa hakuna malaria, tuangalie kifua. Homa moja, simu mbili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ukikuta huduma ambayo daktari wake anaandika dawa mseto ya malaria bila kuuliza kipimo, iache, hata kama simu zake hazina kikomo.

Baadhi ya vifurushi vinasema simu ya ufuatiliaji kwa tatizo lile lile ndani ya siku saba haihesabiwi. Vingine vinahesabu kila mara daktari anapopokea. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuchukue familia kama yangu. Mama azungumze na daktari kila mwezi kuhusu vipimo vyake vya presha na sukari: mara 12. Kila mtoto augue mara tatu kwa mwaka: matukio sita. Mimi na mke wangu mara mbili kila mmoja: nne. Ufuatiliaji usipohesabiwa, jumla ni 22 na kifurushi cha 24 kinatutosha. Ukihesabiwa, matukio sita ya watoto yanakuwa simu 12, zetu sisi wakubwa zinafika sita kwa kuwa baadhi zitahitaji kipimo, na jumla inakuwa 30. Tumevuka, ilhali hakuna aliyeugua zaidi.

Kuna na mtego wa mwezi. Mara 24 kwa mwaka na mara mbili kwa mwezi si kitu kimoja, ingawa ukizidisha unapata namba ile ile. Magonjwa ya watoto hayaji kwa zamu. Masika yakiingia, mmoja anapata homa, baada ya siku chache mwenzake naye, na kikohozi juu yake. Kama mama ameshatumia simu moja ya mwezi huo, imebaki moja kwa watu wanne. Za mwezi wa Agosti ambazo hukuzigusa zimekwisha kufa. Uliza wazi kama zisizotumika zinasogezwa mbele.

Sasa bei. Chukulia kifurushi cha familia ni shilingi 240,000 kwa mwaka, na huduma hiyo hiyo inamtoza asiye na kifurushi shilingi 12,000 kwa kila simu. Gawa ya kwanza kwa ya pili: unapata 20. Ukitarajia kupiga chini ya mara 20, lipa kila unapohitaji, kifurushi hakikufai. Na hapa kuna jambo watu hawaliangalii. Mgonjwa wa presha au sukari ambaye hali yake imetulia anaweza kuandikiwa dawa za miezi mitatu kwa cheti kimoja. Mama akifika hatua hiyo, simu zake za lazima zinashuka kutoka 12 hadi nne, na familia yetu, ufuatiliaji usipohesabiwa, inabaki na simu 14 tu kwa mwaka, yaani shilingi 168,000 ukilipa moja moja. Lakini kama huduma inakulazimisha kuzungumza na daktari kila dawa zinapokwisha, ndipo hesabu inapanda tena. Muulize daktari, si mtu wa mauzo: mgonjwa aliyetulia anaandikiwa dawa za muda gani?

Kuhusu daktari bingwa, neno la kutafuta ni "rufaa". Karibu kila kifurushi cha juu kinaahidi mabingwa, lakini unaanza kwa daktari wa kawaida, yeye ndiye anakupeleka kwa bingwa, na mara nyingi idadi ni ndogo, pengine mara moja kwa kila miezi mitatu. Hilo peke yake si baya. Bingwa anayepokea maelezo yaliyopangwa na majibu ya vipimo anafanya kazi nzuri zaidi ya yule anayeanza kusikiliza upya. Ninachouliza mimi ni bingwa gani yupo kweli, siku zipi, na miadi inachukua muda gani. Orodha ya fani kumi kwenye ukurasa wa huduma inaweza kuwa ya madaktari wanaopatikana jioni moja kwa wiki. Uliza na jina la daktari kabla ya miadi, kwa sababu kila daktari anayetibu Tanzania Bara anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na huduma isiyotaka kukutajia jina la daktari wake haistahili fedha yako.

Bingwa wa simu ana mipaka yake pia. Kwa mama mwenye kisukari, anaweza kusoma majibu ya ile sukari ya wastani wa miezi mitatu, akaangalia kipimo cha figo, akabadilisha kiwango cha dawa. Hawezi kuangalia nyuma ya jicho wala kugusa nyayo kuona kama ganzi imeanza, na mgonjwa wa kisukari anahitaji kuangaliwa macho na miguu angalau mara moja kwa mwaka. Mtu akikwambia kifurushi kinachukua nafasi ya kliniki ya kisukari, usimwamini. Endelea na kliniki, simu iwe ya katikati.

Dawa ndizo zilizonifundisha zaidi. "Kuletewa dawa bure" maana yake ni usafiri bure, dawa zenyewe unalipa, na usafiri huo kwa kawaida ni bodaboda ndani ya jiji. Mama yuko Muheza. Mzigo wake ungepanda basi. Vidonge vya presha kama amlodipini, au metformini ya sukari, vinasafiri salama vikifungwa vizuri. Insulini haisafiri hivyo. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande. Ikishaanza kutumika, aina nyingi huvumilia takriban wiki nne mradi joto lisivuke nyuzi 30, na buti la basi mchana wa Februari linavuka. Tatizo ni kwamba insulini iliyopigwa na joto inaweza kuonekana kama kawaida kabisa. Utaigundua sukari itakapopanda bila mgonjwa kubadilisha chakula wala kipimo cha dawa. Kama huduma haiwezi kukueleza inabebaje dawa ya baridi, insulini nunua karibu na mgonjwa alipo.

Kwa sababu hiyo, kipengele ninachokithamini kuliko usafiri wa bure ni cheti cha dawa unachokabidhiwa mwenyewe, chenye jina la daktari, namba yake ya usajili, jina halisi la dawa na kiwango chake, ambacho unaweza kukipeleka famasi yoyote. Huduma iliyotufaa mwaka wa kwanza ilikuwa na hilo. Nyingine niliyoijaribu ilifungia cheti ndani ya apu, kikisomwa na famasi yao tu, na Muheza hawakuwa na famasi. Jua pia kwamba si kila duka linaweza kuuza kila dawa. Maduka ya dawa muhimu ya vijijini yana orodha maalumu, hivyo kwa baadhi ya vyeti lazima uende famasi kamili. Dawa zinazodhibitiwa, kama za usingizi na maumivu makali, usitegemee kuletewa na boda.

Suala la familia ndilo linalowaumiza watu waliolipia kwa ajili ya wazazi. Neno "familia" kwenye mkataba kwa kawaida ni mwenza na watoto walio chini ya umri fulani, mara nyingi 18. Mama na baba hawamo, au wanaongezwa kwa ada ya pekee, au wana kikomo cha umri, au wanawekewa kipindi cha kusubiri kwa ugonjwa walioingia nao. Mama yangu alikuwa na magonjwa yote mawili tayari, kwa hiyo kipindi cha kusubiri kingetuachia mwezi baada ya mwezi tukilipa bila yeye kuhudumiwa. Taja umri na magonjwa yake kabla ya kulipa, usingoje wakuulize.

Halafu angalia simu aliyonayo. Mama ana kitochi. Akaunti nyingi zimefungwa kwenye namba ya mwenye kifurushi na zinataka apu, hivyo yeye aliye mgonjwa hawezi kumpigia daktari bila mimi. Tulichagua huduma inayopokea simu ya kawaida kutoka namba iliyosajiliwa kwa jina lake, hata kama haina video. Kwa presha na sukari, namba alizoandika kwenye daftari zinamfaa daktari kuliko sura yake kwenye kioo. Kwa vijana wakubwa ndani ya nyumba, uliza kama rekodi zao zinasomwa na kila mwenye akaunti. Binti wa miaka 17 hatamweleza daktari ukweli akijua baba anausoma.

Na hiki si bima. Kifurushi hakilipii kitanda, upasuaji wala damu. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiyeamka vizuri, hapigiwi simu ya apu, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Usiache bima ili ulipie kifurushi.

Mwisho ni namna ya kulipa. Punguzo la mwaka mzima linavutia, ila mimi nalipa mwezi kwa mwezi. Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya daktari kwa simu iliyoanza 2016 ikatumiwa na watu wengi sana, na mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka, nayo ikafungwa. Kampuni ndogo ndogo za kwetu hazina nguvu kuizidi. Kila baada ya simu, napakua cheti na maelezo ya daktari, nayachapisha na kuyaweka kwenye faili la mama pale Muheza, ili daktari atakayempokea kesho, wa simu au wa wodini, ajue anatumia dawa gani na kwa kiwango gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa zako, kwa hiyo huduma ikisema rekodi haziwezi kutoka nje ya apu, andika barua uziombe.