Utafiti wa maombi kwa wagonjwa wa moyo ulisema nini hasa

*Shikamoo dokta. Mama yangu anafanyiwa oparesheni ya moyo ya baipasi mwezi huu. Kuna mtumishi anatuambia sayansi imeshathibitisha maombi yanaponya moyo, na mama akiendelea kumeza dawa anaonyesha hana imani. Ni kweli? Na tumwambie kwamba kanisa zima linamwombea?*

Marahaba. Hiyo "sayansi imethibitisha" naletewa kliniki kila mara, na wanaoitangaza wengi hawajasoma huo utafiti wenyewe. Mara nyingi wanasema ule wa Byrd, daktari wa San Francisco, uliotoka 1988. Aliwachukua wagonjwa mahututi wa moyo 393, akawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likaombewa na Wakristo wasiowajua, lingine halikuwekewa waombaji. Akahesabu mambo 26 ya hali ya mgonjwa, na katika 6 walioombewa walionekana afadhali, kwa mfano wachache zaidi walihitaji antibayotiki. Hapo ndipo watu wanapoishia kusimulia. Hawasemi kwamba siku za kulazwa zilikuwa sawa na vifo havikutofautiana kwa maana yoyote, na ukipima vitu 26 kwa mpigo usishangae vichache vikikupendelea kwa bahati tu.

Sasa sikiliza unaomhusu mama yako moja kwa moja, maana ulifanywa kwa wagonjwa wa baipasi. Ulitoka 2006, ukiongozwa na Benson, wagonjwa 1802 katika hospitali sita za Marekani. Kundi la kwanza waliambiwa huenda wataombewa huenda hawataombewa, na wakaombewa. La pili waliambiwa hivyo hivyo lakini hawakuombewa. La tatu waliambiwa wazi kwamba wanaombewa, na kweli wakaombewa. Waombaji walipewa jina la kwanza na herufi ya mwanzo ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia oparesheni, wakitaja oparesheni iende vizuri, mgonjwa apone haraka na asipate matatizo. Ndani ya siku 30 waliopata tatizo lolote walikuwa asilimia 52 kundi la kwanza na 51 la pili, yaani hakuna tofauti. Kundi la tatu, waliojua kwa uhakika, walikuwa 59.

Hiyo 59 nayo kuna wanaoikimbilia kusema maombi yanadhuru, na hao pia wanakosea. Vifo havikutofautiana kati ya makundi. Inawezekana ni bahati, inawezekana pia mgonjwa akiambiwa watu asiowajua wameandaliwa kumwombea anaanza kujiuliza kwani hali yangu ni mbaya kiasi hicho, na hilo watafiti wenyewe walilitaja.

Halafu kuna mpaka ambao hakuna mtafiti aliyeuvuka, huwezi kumzuia mama au jirani kumwombea mgonjwa wake, kwa hiyo hata wale "wasioombewa" wengi waliombewa na watu wao. Kilichopimwa ni nyongeza tu ya maombi ya wageni. Na waumini wengi, Wakristo na Waislamu, watakwambia dua ni kumwomba Mungu ambaye ndiye anayeamua, siyo dozi ambayo ukiongeza waombaji basi majibu yanaongezeka. Mwenye imani hiyo matokeo haya hayamnyang'anyi kitu. Anayebanwa ni yule anayesema sayansi imempa cheti.

Kwa hiyo mama mwambieni mnamwombea kama yeye mwenyewe ni mtu wa maombi, mwambieni kwa upole kama mnavyomwambia siku zote, msije na msafara wa watu kumlilia kitandani usiku wa kuamkia oparesheni.

Lakini hilo la dawa linanikera na sitalipitia juu juu. Katika tafiti nilizokueleza wagonjwa WOTE walikuwa kwenye matibabu ya kawaida, walioombewa na wasioombewa, hakuna aliyeachishwa kidonge ili imani yake ipimwe! Anayezitumia kumwachisha mtu dawa anadanganya, basi. Na dawa za moyo zina mtego wake. Mtu wa presha akiacha vidonge leo, kesho anajisikia vizuri tu, anasimama anatoa ushuhuda, watu wanashangilia, huku presha inapanda kimyakimya bila hata kuumwa kichwa. Zile za kupunguza mapigo ya moyo ukizikata ghafla moyo unaweza kurudi kwa kasi na maumivu ya kifua yakaanza upya. Mwenye kisukari anayetegemea insulini akiiacha, siku chache zinatosha kumpeleka mahututi.

Mtu akiamini amepona aje apimwe AKIWA bado anameza dawa, presha ikiwa chini kupita kiasi tutampunguzia dozi taratibu huku tunapima tena na tena. Na za mama kabla ya oparesheni, ipi isimame na lini, hasa za kuzuia damu kuganda, anayesema ni timu itakayompasua, muwapigie leo muwaulize, na kama ameshaacha yoyote kwa maneno ya huyo mtumishi waambieni kabla hajaingia chumba cha upasuaji.